Jumanne Haikuleta Ugonjwa

Mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi 2020, mamilioni ya watu walianza mazoea mapya: kusubiri tangazo la Wizara ya Afya kila siku. Waziri wa wakati huo, Mutahi Kagwe, au mmoja wa maofisa wake, alisoma idadi ya sampuli zilizopimwa katika saa 24 zilizopita, kisha akataja waliokutwa na virusi. Swali lililofuata majumbani na vituoni lilikuwa lile lile: imepanda au imeshuka? Na karibu kila mtu alilijibu kwa kulinganisha na jana. Hapo ndipo wengi walipopotea, maana jana ni siku mbaya sana ya kulinganishwa na leo.

Idadi ya kila siku haikuhesabu watu walioambukizwa siku hiyo. Ilihesabu kazi iliyofanyika: wangapi walifika kupimwa, sampuli ngapi zilifika maabara, mashine ngapi ziliwashwa, karani gani alikuwapo kuingiza majina kwenye kompyuta. Kazi hiyo hufuata wiki. Mtu anayeanza kukohoa Jumamosi jioni husema, ngoja tuone hadi Jumatatu. Maabara huwa na watu wachache mwisho wa wiki. Matokeo ya Jumatatu huingizwa usiku na kutangazwa Jumanne. Uingereza, kwa mfano, ilitangaza vifo vichache kila Jumapili na Jumatatu, kisha Jumanne idadi ikaruka, wiki baada ya wiki, na sababu yake ilikuwa ofisi zilizofungwa wala si nguvu za kirusi. Kwa ndugu zetu wanaoishi Oman, ambako mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, bonde la namna hiyo huangukia siku nyingine, lakini lipo.

Ukichora idadi hizo kama zilivyo, unapata msumeno. Meno yake yanapanda na kushuka kila wiki, na jicho la binadamu hufuata meno badala ya kufuata bapa. Ndiyo maana vyombo vya habari na taasisi nyingi zilizokuwa zikichora chati za korona ziliweka juu ya msumeno huo mstari wa pili ulio laini, uliopewa jina la wastani wa siku saba. Watu wengi waliuona. Waliojua namna ya kuusoma walikuwa wachache, na mstari huo una tabia ambazo usipozijua utakudanganya kwa utulivu zaidi kuliko msumeno wenyewe.

Tuchukue wilaya ya kubuni, tupige hesabu. Wiki ya kwanza inatangaza maambukizi mapya hivi: Jumatatu 70, Jumanne 140, Jumatano 130, Alhamisi 120, Ijumaa 110, Jumamosi 80 na Jumapili 50. Jumla ni 700, na ukigawa kwa saba unapata 100 kwa siku. Sasa tuseme ugonjwa unaongezeka, na wiki ya pili kila siku inazidi mwenzake wa wiki iliyotangulia kwa asilimia 10: Jumatatu 77, Jumanne 154, Jumatano 143, Alhamisi 132, Ijumaa 121, Jumamosi 88, Jumapili 55. Jumla ni 770, na wastani ni 110.

Fikiria msomaji anayefuata matangazo ya wiki hiyo ya pili siku kwa siku. Jumanne anasikia 154 baada ya 77 ya jana, na anashtuka: maambukizi yamekuwa maradufu kwa usiku mmoja! Kisha Jumatano idadi inashuka. Alhamisi inashuka tena. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, vile vile. Siku tano mfululizo anapewa habari njema, na Jumapili anakwenda kulala akiamini kwamba wimbi limevunjika. Kumbe katika wiki hiyo hiyo ugonjwa ulikuwa ukikua bila kupumzika.

Mtazame sasa jirani yake anayefuata wastani wa siku saba. Kila jioni anajumlisha siku saba za mwisho, ikiwamo leo, na kugawa kwa saba. Jumatatu anapata 101. Jumanne, siku ya mshtuko, anapata 103. Kisha karibu 105, karibu 107, 108, 109, na Jumapili 110. Mstari wake unapanda kila siku, taratibu, bila kuruka. Idadi zote mbili zimetoka katika daftari moja.

Siri iko katika kinachobadilika kati ya jioni moja na nyingine. Wastani huu ni kama daladala yenye viti saba iliyojaa: kila jioni abiria mmoja anapanda na mmoja anashuka. Jumanne ya leo inapopanda, Jumanne ya wiki iliyopita ndiyo inayoshuka. Siku sita zilizobaki hazikuguswa. Kwa hiyo mstari unapanda leo kwa sababu moja tu, kwamba leo imezidi siku kama hii ya wiki iliyopita, na unapanda kwa tofauti hiyo ikigawanywa kwa saba. Katika mfano wetu Jumanne mbili zilitofautiana kwa 14, na 14 kwa saba ni 2, ndiyo maana 101 ikawa 103. Ukiushika ukweli huo mmoja, huhitaji hesabu nyingine kuusoma mstari. Na ukiwa umesikia tangazo la leo tu, bila chati wala kalamu, bado unaweza kuuliza swali sahihi: Jumanne iliyopita ilikuwa ngapi?

Hapo pia ndipo linapotoka jibu la kwa nini siku ziwe saba. Dirisha la siku saba lina Jumatatu moja, Jumanne moja, hadi Jumapili moja, hata ukilifungulia siku gani. Siku hafifu na siku nzito zimo zote, kila moja mara moja. Jaribu siku tano katika wilaya yetu. Ijumaa ya wiki ya kwanza dirisha lina siku za kazi tupu, na wastani ni 114. Siku tatu baadaye, Jumatatu, dirisha hilo hilo limebeba Jumamosi na Jumapili, na wastani umeanguka hadi 87, ingawa ugonjwa unakua. Siku kumi nazo zina kasoro hiyo kwa njia nyingine, kwani baadhi ya siku za wiki huhesabiwa mara mbili na nyingine mara moja. Siku 14 zinafaa, ila mstari unakuwa mzito na mvivu wa kugeuka. Uzuri wa saba ni kwamba hauhitaji kujua mapumziko ni lini. Umoja wa Falme za Kiarabu ulipohamishia mapumziko yake Jumamosi na Jumapili mwanzoni mwa 2022, aliyekuwa akichora chati kwa wastani huu hakuwa na cha kurekebisha, isipokuwa kuvumilia wiki ile ya mpito.

Wajerumani walilitumia wazo hili kutungia kanuni za afya. Kipimo chao maarufu kilikuwa jumla ya maambukizi ya siku saba kwa kila watu 100,000, na mwezi Mei 2020 walikubaliana kwamba eneo likifika 50 lichukue hatua. Hiyo ni jumla na si wastani, lakini ndani yake ni kitu kile kile ambacho hakijagawanywa kwa saba.

Ulaini huo una gharama, na gharama yenyewe ni muda. Wastani wa siku saba zinazoishia leo hauelezi leo. Unaeleza vizuri zaidi siku ya katikati ya dirisha, yaani siku tatu zilizopita. Wimbi likifika kilele Alhamisi, mstari utafika kilele karibu Jumapili. Anayelinganisha chati na tukio, labda tarehe ya kufungwa kwa shule au ya kufunguliwa kwa masoko, anapaswa kuukumbuka ucheleweshaji huo, la sivyo ataona athari mahali ambapo haikutokea. Baadhi ya waandaaji huukwepa kwa kuweka wastani katikati: huchukua siku yenyewe, tatu kabla yake na tatu baada yake. Serikali ya Uingereza ilifanya hivyo katika chati zake za korona. Kilele hukaa mahali pake, lakini mstari hauwezi kuifikia leo, kwa kuwa siku tatu zijazo hazijaingia. Mimi naona chati ya kutazamwa kila asubuhi itumie dirisha linaloishia siku ya mwisho iliyokamilika na kuandika hivyo waziwazi, na chati ya kutathmini yaliyopita itumie dirisha la katikati.

Neno "iliyokamilika" ndilo linalozisumbua zaidi chati zinazojisasisha zenyewe. Turudi kwenye Jumanne ya wiki ya pili. Tuseme chati inavuta takwimu saa sita mchana, wakati maabara moja tu imekwisha kuleta matokeo, na daftari linaonyesha 60. Programu haijui kwamba siku haijaisha. Inaichukua 60, inaitoa 140 ya Jumanne iliyopita, na wastani unaanguka kutoka 101 hadi karibu 90. Anayefungua chati mchana anaona mstari umekunja shingo kuelekea chini. Jioni 154 inapotimia, shingo inanyooka. Kesho mchana mchezo unarudiwa. Ukiona chati ambayo ncha yake huelekea chini kila unapoifungua, na kesho yake kipande kile kile kimenyooka, jua kwamba siku isiyokamilika imeingizwa kwenye hesabu.

Tatizo hilo ni zito zaidi pale takwimu zinapopangwa kwa tarehe ya kuchukuliwa sampuli badala ya tarehe ya kutangazwa. Mpango huo ni wa kweli zaidi, kwa sababu kila mgonjwa anarudishwa kwenye siku aliyopimwa. Ila matokeo ya sampuli za Jumatatu yanaweza kuwa yanaingia hata Ijumaa, na hivyo siku kadhaa za mwisho huwa na upungufu daima. Waingereza waliziwekea alama siku tano za mwisho kwamba hazijatimia. Siku hizo hazikuchaguliwa kwa kubahatisha, na yeyote mwenye chati yake anaweza kupata idadi inayomfaa. Anahifadhi nakala ya takwimu kila zinaposasishwa, kisha anachagua tarehe moja na kutazama jinsi idadi yake ilivyokua katika nakala zilizofuata. Siku ambayo idadi inaacha kuongezeka ndiyo mpaka, na mstari mnene uishie hapo. Baada ya mpaka huo nguzo za kila siku zinaweza kuonyeshwa kwa rangi hafifu.

Mwanzoni mwa Oktoba 2020 Uingereza ilitoa somo lisilosahaulika kuhusu takwimu zilizochelewa. Shirika la afya ya umma la England lilikuwa likipokea matokeo ya maabara na kuyapakia katika faili za Excel za muundo wa zamani, XLS, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari ilipojaa, iliyobaki ilikatwa kimyakimya. Maambukizi 15,841 ya kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hayakuingia katika matangazo ya kila siku. Kosa lilipogunduliwa yalimwagwa kwa mkupuo, na Jumapili ya tarehe 4 Oktoba nchi ikasikia maambukizi mapya 22,961, wakati Ijumaa iliyotangulia yalikuwa chini ya 7,000.

Angalia mzigo huo ulifanya nini kwenye mstari wa wastani uliopangwa kwa tarehe ya kutangazwa. Gawa 15,841 kwa saba, unapata karibu 2,263. Mzigo wote ulipokwisha kuingia, mstari ulikuwa umeinuliwa kwa kiasi hicho. Kwa kuwa hakuna siku inayotoka kwenye dirisha kabla ya wiki kutimia, uliendelea kubeba mzigo hadi mwisho wa wiki iliyofuata. Kisha siku za mzigo zikashuka garini, na mstari ukapoteza ghafla kile ulichoongezewa. Mtu angeweza kusema kwamba tarehe 11 Oktoba hali iliboreka kwa kasi, kumbe siku hiyo hapakuwa na chochote kipya. Kilichotokea ni kwamba Jumapili ya kutisha ilikuwa imetimiza siku saba. Katika chati iliyopangwa kwa tarehe ya sampuli, maambukizi hayo yalirudi kwenye siku zao za Septemba na mwanzo wa Oktoba, na mlima ukatoweka.

Alama ya kosa la namna hiyo ni rahisi kuikariri: ngazi inayopanda siku moja na kushuka siku saba kamili baadaye. Ugonjwa hauna kalenda kali kiasi hicho. Ukiona ngazi kama hiyo, usiamini kupanda kwake wala kushuka kwake. Tafuta nguzo ya siku iliyoianzisha, na ndiyo sababu nguzo za kila siku hazifai kufichwa hata mstari laini ukiwapo. Ziachwe nyuma kwa rangi iliyofifia, ziwe ushahidi.

Sikukuu huacha alama hiyo hiyo ikiwa imepinduliwa. Ijumaa Kuu, Krismasi, Idi: kliniki zinafungwa katikati ya wiki, na siku nyepesi inachukua nafasi ya siku nzito. Idi-el-Fitri ikiangukia Jumatano katika wilaya yetu ya wiki ya pili, na idadi ikawa 52 badala ya 143, wastani unashuka kwa karibu 11 mara moja, unakaa chini wiki nzima, kisha Jumatano inayofuata unarudi juu. Kurudi huko ndiko kunakotia watu hofu, hasa wanapokuwa wamekwisha kuamini kwamba mikusanyiko ya sikukuu italeta wimbi. Wimbi linaweza kuja kweli, lakini mruko wa siku ya saba baada ya Idi hauwezi kulithibitisha. Subiri dirisha liwe limeitapika sikukuu yote ndipo usome. Na kwa kuwa Idi hufuata mwezi, kulinganisha na tarehe ile ile ya mwaka uliopita hakusaidii.

Kenya ilikuwa na bahati ya kutangaziwa pia idadi ya sampuli, hivyo watu waliweza kujua asilimia ya waliokutwa na virusi. Hapo kuna mtego mdogo. Tuseme Jumapili walipimwa 100 na 20 wakakutwa, asilimia 20. Jumanne wakapimwa 1,000 na 50 wakakutwa, asilimia 5. Wastani wa asilimia hizo mbili ni 12.5, lakini jumla ya waliokutwa ni 70 kati ya 1,100, sawa na asilimia 6.4. Siku ya watu wachache imepewa sauti sawa na siku ya watu wengi. Kwa asilimia, jumlisha waliokutwa wa siku saba, jumlisha waliopimwa wa siku saba, ndipo ugawanye.

Limebaki jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote haya, nalo ni siku isiyo na taarifa. Nchi nyingine hazikutangaza chochote Jumapili, na Jumatatu zikatangaza jumla ya siku mbili. Wastani wa siku saba hulimudu hilo vizuri, mradi Jumapili iandikwe sifuri. Jumla ya wiki haipotei, na mstari unakosea kwa siku moja tu. Tatizo huanza Jumapili inapoachwa tupu. Katika Excel, hizi mbili hazitoi jibu moja:

```
=AVERAGE(B2:B8)
=SUM(B2:B8)/7
```

Ya kwanza huruka kisanduku kitupu na kugawa kwa sita. Katika wiki yetu ya pili, Jumapili ikiwa tupu, itasema 119, ilhali wastani wa kweli ni 110. Ya pili hugawa kwa saba daima. Itasema 102, na Jumatatu yenye mizigo miwili ikiingia itarudi kwenye hesabu sahihi. Programu nyingine huhesabu mistari ya jedwali bila kutazama tarehe. Mstari wa Jumapili usipokuwapo kabisa, dirisha linarudi nyuma siku nane ili lipate mistari saba, na siku moja ya wiki inaingia mara mbili.

Lakini sifuri hiyo inastahili tu pale ambapo hesabu iliyokosekana italetwa baadaye. Tanzania iliacha kutoa takwimu za korona mwaka 2020, na kwa zaidi ya mwaka mmoja jumla yake katika chati za kimataifa ilisimama kwenye 509. Kila siku mpya iliyoongezwa ilikuwa na ongezeko la sifuri. Dirisha la siku saba lilifanya kazi yake kwa uaminifu: lilizitoa siku zenye idadi moja baada ya nyingine, likaingiza sifuri, na ndani ya wiki moja mstari ukagusa chini na kubaki hapo, laini kuliko wa nchi nyingine yoyote jirani. Katika ukurasa uliopanga nchi kwa rangi, Tanzania ingeonekana mahali ambapo ugonjwa umekwisha. Mstari wa nchi kama hiyo unapaswa kukatika siku ya taarifa ya mwisho, nafasi iliyobaki iachwe wazi, na pembeni iandikwe tarehe ambayo takwimu ziliacha kuja.